Simu inagoma asilimia 80: ni ubovu, ni joto, au ni ukomo wa chaji?

Malalamiko haya mawili hufika kwa fundi simu karibu kwa pamoja. Mmoja anaingia na simu mkononi: "Fundi, hii simu haijai tena, inaishia themanini." Anayemfuata anasema kinyume chake: "Mimi nimeipangia iishie themanini, leo asubuhi nimeikuta mia." Wa kwanza anataka betri mpya, wa pili anadhani simu imeingiliwa na virusi. Mara nyingi hakuna kilichoharibika kwa yeyote kati yao, na fundi anayekimbilia bisibisi atakula hela yao bure.

Shida ni kwamba namba hiyo moja, 80, ina vyanzo vitatu tofauti ndani ya simu za siku hizi. Kabla hujagusa chochote, jua ni kipi kinachofanya kazi kwenye simu iliyo mbele yako.

Vyanzo vitatu vya namba moja

Cha kwanza ni ukomo wa kudumu. Mwenye simu anaambia mfumo usipeleke chaji zaidi ya hapo, iwe mchana au usiku. Kwa Apple ulianza na iPhone 15 mwaka 2023, ukiwa chaguo moja tu la 80. iOS 18 ilipotoka mwaka 2024 zikaongezwa hatua za 85, 90 na 95. iPhone 14 na za nyuma yake hazina ukomo huo. Samsung walikuwa na ukomo wa 85 kwenye Galaxy, kisha toleo la One UI 6.1 la mwaka 2024 likaushusha hadi 80 na kugawa mpangilio katika njia tatu. Google waliufikisha kwenye Pixel, kuanzia Pixel 6a na zilizofuata, Desemba 2024.

Cha pili ni chaji inayofuata mazoea yako. Simu inajifunza kwamba huwa unaichomeka ukilala na kuichomoa saa kumi na mbili asubuhi. Basi inapanda hadi 80, inatulia hapo usiku kucha, halafu inamalizia hizo 20 karibu na saa ya kuamka. Kwenye iPhone inaitwa `Optimized Battery Charging` na ipo tangu iOS 13 ya mwaka 2019. Kwenye Galaxy inaitwa `Adaptive`, kwenye Pixel `Adaptive Charging`.

Cha tatu ni kinga ya joto, na hii haina kitufe cha kuzima. Betri ikipata moto kupita kiasi, iPhone huweza kukataa kuvuka 80 hata kama hujawahi kugusa mpangilio wowote, na simu nyingi za Android hupunguza kasi ya chaji au kuikata kabisa. Apple wanasema iPhone itumike mahali penye joto la hewa kati ya nyuzi 0 na 35. Kibanda cha bati saa saba mchana mwezi Februari, Dar au Mombasa, kinavuka hapo bila taabu.

Dalili: simu haivuki 80 na hukuweka chochote

Anza na saa. Kama inagoma usiku tu na asubuhi unaikuta imejaa au inaelekea kujaa, hiyo ni chaji ya mazoea. Iache ifanye kazi yake. Siku una safari ya alfajiri, ukiwa kwenye iPhone bonyeza na kushikilia ujumbe wa chaji kwenye skrini iliyofungwa, utapata `Charge Now` na simu itaendelea kujaa.

Kama inagoma mchana, tena siku za jua kali au ukiwa kwenye gari lililosimama foleni, gusa mgongo wa simu. Ikiwa ya moto, toa kava, iondoe juani, zima data kidogo na uiache ipoe. Ikianza kupanda tena yenyewe baada ya dakika kadhaa, umepata jibu na hujatumia hata shilingi. Usiiweke kwenye friji. Ikitolewa humo kwenye hewa ya pwani inatoka jasho kwa ndani, na unyevu kwenye bodi ni ugonjwa mkubwa kuliko ule uliokuwa ukiutibu.

Kama inagoma kila saa, baridi na joto, basi kuna ukomo wa kudumu uliowashwa na mtu, au ulikuja na sasisho. Wauzaji wengine huuwasha dukani, watoto nao hupita kwenye mipangilio kama wanavyopita sebuleni. Pa kuangalia ni hapa, kwa majina ya Kiingereza maana simu nyingi zetu ndivyo zilivyo:

```
iPhone 15+ (iOS 18): Settings > Battery > Charging
Galaxy (One UI 6.1+): Settings > Battery > Battery protection
Pixel 6a+: Settings > Battery > Battery health > Charging optimization
```

Na kama inagoma kwenye 63 leo, 71 kesho, 92 keshokutwa, achana na habari ya ukomo. Namba inayohamahama inatokana na waya uliochoka, tundu la chaji lenye vumbi, joto, au betri yenyewe imefika mwisho. Ukomo ukiwa kazini unasimama palepale kila siku.

Ukomo unalinda nini hasa

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Asilimia unayoiona ni hesabu tu. Kinachobadilika ndani ya betri ni volti. Betri ya lithiamu ya simu inapokaribia kuisha inakuwa kwenye volti 3 na kitu. Ikijaa, betri za zamani zilifika 4.2, na nyingi za sasa zinasukumwa hadi 4.4 hivi ili zibebe zaidi kwa ukubwa uleule. Kwenye asilimia 80 volti huwa karibu na 4.1.

Volti ikiwa juu, kemikali za ndani hazitulii. Kimiminika kilichomo kinaendelea kuvunjikavunjika kidogo kidogo kwenye elektrodi, utando unazidi kunenepa, na sehemu ya lithiamu inanaswa humo isirudi tena kazini. Jambo hili linatokea hata simu ikiwa imelala mezani bila kuguswa, mradi imejaa. Joto linaliharakisha. Kwa maneno mengine, kinachoila betri hapa si tendo la kuchaji bali ni saa inazokaa juu kileleni, hasa ikiwa ya moto.

Jedwali moja linalofahamika sana miongoni mwa mafundi, la Battery University, linaonyesha ukubwa wa jambo hili. Betri iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji asilimia 40 inabakiwa na takriban 96 ya uwezo wake; ikiwa imejaa inabakiwa na 80. Peleka joto hadi nyuzi 40, na ile ya 40 inabakiwa na 85 huku iliyojaa ikishuka hadi 65. Angalia vizuri kwamba jedwali linalinganisha 40 na 100, halisemi lolote kuhusu 80. Huwezi kulitumia kuahidi kwamba ukomo wako utaokoa kiasi kadhaa kamili. Linachokuonyesha ni upande gani upepo unavuma: kujaa na joto vikikutana, hasara inakuwa kubwa.

Simu ikifika kwenye ukomo, chipu inayosimamia umeme inakata mkondo unaoingia kwenye betri, lakini haikati chaja. Kwa simu nyingi za sasa chaja inaendelea kuiendesha simu moja kwa moja, nayo betri inapumzika pembeni. Ndiyo maana unaweza kuongea saa nzima simu ikiwa imechomekwa na namba ikabaki 80 vilevile.

Dalili: imechomekwa, lakini inashuka 80, 78, 75

Sababu ya kwanza haina ubaya. Mfumo hauwezi kuwasha na kuzima chaji kila asilimia moja ikitikisika, hivyo unaacha nafasi. Kwa maelezo ya Apple kuhusu ukomo wa 80 kwenye iPhone 15, chaji inakatwa ikifika hapo na inaanza tena betri ikishuka hadi 75. Galaxy ikiwa kwenye njia ya `Basic` inafanya vivyo hivyo juu zaidi: inajaa hadi 100, inaacha ishuke hadi 95, kisha inajaza tena. Ukiona mwendo huo wa kushuka na kupanda kwenye mipaka hiyohiyo, mfumo ni mzima.

Sababu ya pili ndiyo ya kuifanyia kazi. Ikishuka hadi 70, 65, 60 na waya umo ndani, chanzo cha umeme ni dhaifu kuliko matumizi. Mara nyingi nakuta simu imechomekwa kwenye tundu la USB la televisheni, king'amuzi au kompyuta ya zamani. Tundu la USB 2.0 la kawaida linatoa nusu ampia kwa volti 5, yaani wati 2.5. Simu iliyowasha skrini kwa mwanga wote, data na hotspot inakula zaidi ya hapo, na pengo linajazwa na betri. Badilisha chaja na waya kabla hujalaumu ukomo.

Kwa Android kuna njia ya kuona bila kubahatisha. Washa `USB debugging` kwenye simu, ichomeke kwenye kompyuta yenye adb, programu ya kuipa simu ya Android amri kutoka kwenye kompyuta, uandike:

```
adb shell dumpsys battery
```

Utapata mistari kadhaa. Inayotuhusu inafanana na hii:

```
  status: 4
  level: 80
  voltage: 4087
  temperature: 341
```

`level` ni asilimia. `voltage` ni kwa milivolti, kwa hiyo hapa ni volti 4.087. `temperature` imezidishwa mara kumi, 341 ni nyuzi 34.1. `status` ndiyo inayosema simu inajiona inafanya nini: 2 ni inachaji, 3 inatumia betri, 4 haichaji ingawa imechomekwa, 5 imejaa. Namba 4 pamoja na `level: 80` ni picha ya ukomo ukiwa kazini. Namba 4 pamoja na `level: 66` na `temperature: 448` ni kinga ya joto. Namba 3 wakati waya umechomekwa inakupeleka kwenye waya, tundu, au umeme mdogo wa kompyuta yenyewe. Simu nyingine huripoti `status` kwa namna yake, hivyo isome pamoja na joto na asilimia, isiwe peke yake.

Dalili: umeweka 80, umeikuta 100

Ikitokea mara mojamoja kwa wiki kadhaa, iache. Simu haiwezi kuchungulia ndani ya betri ikaona asilimia. Inahesabu mkondo unaoingia na unaotoka, na hesabu hiyo inakosea kidogo kila siku. Ili kujisahihisha inahitaji kufika mahali inapopajua kwa hakika, na mahali hapo ni betri kujaa. Apple na Google wote wanaeleza kwamba simu zao, hata zikiwa na ukomo, zitajaza hadi 100 mara chache kwa ajili hiyo.

Ikitokea kila siku, fungua mpangilio usome vizuri neno ulilochagua. Kwenye Galaxy ndipo kosa linapojificha, maana njia zote tatu ziko chini ya jina `Battery protection`, na mtu akiona swichi imewashwa anaridhika. Ni `Maximum` peke yake inayokata kwenye 80 mchana na usiku. `Adaptive` inasimama 80 ukiwa umelala na kumalizia kabla hujaamka, kwa hiyo lazima asubuhi uikute imejaa. `Basic` inajaza yote. Tangu One UI 7, `Maximum` yenyewe inakuruhusu kuchagua 80, 85, 90 au 95, na vidole huteleza.

Kama neno ni sahihi na bado inajaa, uliza ilichajiwa ikiwa imewaka au imezimwa. Kwenye simu ambazo ukomo unasimamiwa na programu ndani ya mfumo, kuichaji ikiwa imezimwa ni sawa na kumwondoa mlinzi getini. Jaribu usiku mmoja ikiwa imewaka na mwingine ikiwa imezimwa, utaona tofauti kama ipo.

Dalili: inazima ghafla ikiwa na 15, au inaruka kutoka 30 hadi 12

Baada ya miezi ya kuishi kati ya 40 na 80, hesabu niliyoitaja inaweza kuwa imepotea njia, na simu inaamini ina chaji ambayo haipo. Toa ukomo kwa siku moja, ijaze hadi 100, iache kwenye chaja nusu saa zaidi, kisha itumie kawaida hadi ishuke chini, na urudishe ukomo. Kama ilikuwa hesabu tu, itatengemaa.

Isipotengemaa, betri imechoka kweli. Betri kuukuu ina ukinzani mkubwa wa ndani. Ukifungua kamera, volti inaporomoka kwa kishindo na simu inazima. Ukomo hauwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Kwenye iPhone tazama `Maximum Capacity` chini ya `Battery Health`; ikiwa chini ya 80, pesa ya betri mpya itakufaa kuliko kuhangaika na mipangilio.

Mahali hapohapo, kwenye iPhone 15 na kuendelea, utaona pia `Cycle Count`. Wengine hunijia wakilalamika kwamba wameweka ukomo na uwezo bado umeshuka. Lazima ushuke. Apple wanasema betri za iPhone 15 zimetengenezwa zibaki na 80 ya uwezo baada ya mizunguko 1000 ya kuchaji. Mzunguko mmoja ni matumizi yanayojumlisha asilimia 100, hata ukiyagawa siku mbili. Anayecheza gemu na kuchaji mara mbili kwa siku anakula mizunguko kwa kasi, ukomo au bila ukomo.

Dalili: kifuniko cha nyuma kinaachana na fremu

Hii si ya kusubiri. Betri ikivimba, mgongo wa simu unanyanyuka upande mmoja, ukiuelekeza dirishani unaona mwanga ukipita kwenye ufa, au skrini inakuwa na doa jeupe pale inaposukumwa kutoka chini. Uvimbe huo ni gesi iliyotokana na kimiminika cha ndani kuvunjika. Chomoa chaja, zima simu, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Kuweka ukomo baada ya hapo hakupunguzi uvimbe hata chembe.

Kisa kimoja kinaeleza vizuri nani hasa ukomo ulitengenezewa. Ni wakala wa pesa mwenye Galaxy A54, betri ya 5000 mAh. Simu hiyo ndiyo ya kazi: inachomekwa saa mbili asubuhi kibanda kinapofunguliwa, inachomolewa saa mbili usiku, na nyumbani inachomekwa tena hadi asubuhi. Haishuki chini ya 90 ila umeme ukikatika. Kibanda ni cha bati, simu imelala juu ya kioo karibu na dirisha la wateja, ndani ya kava nene. Mgongo ulikuwa umenyanyuka karibu na kamera kiasi cha kupitisha kadi ya laini.

Mwenyewe alikuwa na uhakika chaja ndiyo mbovu. Chaja ilipimwa, nzima. Ukihesabu saa zake, betri ilikuwa ikikaa kileleni zaidi ya saa ishirini kwa siku, mwaka mzima, kwenye joto. Mizunguko ya kuchaji ilikuwa michache ajabu, maana simu ilikuwa haiishi. Betri haikuchoka kwa kazi, ilichoka kwa kujazwa na kuachwa hivyo hivyo kwenye moto.

Tiba ilikuwa betri mpya, `Battery protection` kuwekwa `Maximum` kwenye 80, kava kutolewa saa za kazi, na simu kuhamishwa kutoka kwenye kioo hadi kwenye rafu ya mbao yenye kivuli. Hofu yake ilikuwa umeme ukikatika. Tukapiga hesabu: 80 ya 5000 ni 4000 mAh. Simu ya miamala, skrini ikizimika kati ya mteja na mteja, inamaliza jioni nayo bila shida. Anachoacha ni zile 1000 za juu ambazo siku za kawaida hakuzihitaji.

Nani aweke, nani aache

Wakala huyo ana ndugu wengi: simu ya mapokezi, simu inayogawa mtandao ofisini, simu ya kamera ya duka, mtu anayefanya kazi nyumbani na chaja iko pembeni siku nzima. Dereva wa teksi ya mtandaoni naye yumo, maana simu yake imechomekwa kwenye dashibodi huku jua likiipiga kupitia kioo. Ila kwake kuisogeza kwenye tundu la upepo wa kiyoyozi kuna faida zaidi ya ukomo, na akiweza vyote viwili ndiyo vizuri. Kingine ni muda. Anayebadilisha simu kila mwaka anamtunzia betri mnunuzi wa pili. Anayetaka simu moja miaka minne, ukomo ni wake.

Kwa anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, mambo ni mengine. Kwa wiki moja, tazama simu ina asilimia ngapi unapoichomeka jioni. Ukikuta 35, ukomo wa 80 utakuacha na 15, unavumilika. Ukikuta 12, ukomo utaizima simu njiani, na utakuwa umejinyima leo uwezo uleule uliokuwa ukiogopa kuupoteza baada ya miaka miwili. Mtu huyu aweke chaji ya mazoea, ambayo inaipunguzia betri saa za kukaa kileleni usiku na bado inamtoa nyumbani na mia.

Hesabu inakuwa mbaya zaidi kwa betri iliyokwisha kuchoka. Betri ya 5000 iliyobakiwa na asilimia 80 ya uwezo inabeba 4000. Ukiikatia kwenye 80 tena, unabaki na 3200. Nimeona watu wakiwasha ukomo kwenye simu ya miaka mitatu kwa nia njema, kisha wakazunguka na pawabenki mfukoni. Na maeneo yenye mgao wa umeme, siku ya zamu yenu jaza hadi 100 bila kuona haya. Siku moja ya kujaa haiui betri, hasa ukiitumia papo hapo.

Simu haina mpangilio huo kabisa

Simu nyingi za bei ya chini, na za zamani za kila aina, hazina ukomo. Andika kwanza neno `battery` au `charging` kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya mipangilio. Sony Xperia, kwa mfano, wameuweka chini ya jina `Battery Care`, na wengine huuficha kwenye programu yao ya usimamizi wa betri.

Usipoupata, programu ya kawaida kutoka duka la Google haiwezi kukata chaji kwenye simu isiyorutiwa, yaani ambayo mwenyewe hajaifungulia mamlaka yote ya mfumo. Inayokuahidi hivyo inakudanganya, na mara nyingi imejaa matangazo yanayokula betri ileile. Inachoweza ni kukupigia kengele: AccuBattery inalia ikifika kiwango ulichopanga, wewe ndiye unayechomoa. Kwenye iPhone ya zamani, fungua `Shortcuts`, nenda `Automation`, chagua `Battery Level`, weka ipande juu ya 80, na uiambie icheze sauti.

Usiku ambapo hutaki kengele, soketi yenye kipima muda inatosha. Tazama simu yako inachukua muda gani kutoka pale unapoichomeka hadi 80, panga soketi ikate hapo, ulale.